Je, Wajua? Sita au Tisa?

Je, wajua kwamba mlio mmoja tu wa bunduki unaweza kukuachia kovu la maisha sikioni?
Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60. Bunduki nyingi za kuwindia hutoa kishindo cha desibeli 140 hadi 170 karibu na sikio la mpigaji. Desibeli hazihesabiwi kama kilo: kila 20 zikiongezeka, mkandamizo wa hewa huzidi mara 10. Kwa hiyo kishindo cha 140 ni mara 10,000 ya mkandamizo wa maongezi, na wataalamu wameweka mpaka hapo: sikio tupu lisiuvuke hata mara moja.

Je, wajua kwamba sikio lina mlinzi, ila hufika msiba umekwisha?
Ndani ya sikio mna msuli mdogo unaokaza kifupa kimoja kelele ikizidi. Kukaza sawasawa huuchukua kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde. Kishindo cha bunduki hufika kileleni chini ya sehemu ya elfu ya sekunde.

Je, wajua kwamba kuku wa uani kwako amekushinda kwa jambo hili?
Kila sikio lina seli kama 15,000 za kusikia, zenye vinyweleo vinavyoyumba kwa sauti kama majani ya mpunga kwa upepo. Kelele za kawaida huvilaza tu, kisha vikainuka. Kishindo cha bunduki huvikata na kuzing'oa seli zenyewe mahali pake. Kuku huotesha nyingine. Binadamu haoteshi hata moja.

Je, wajua kwamba anayeumia zaidi huenda si mpigaji?
Tuseme ni usiku, shambani Newala, nguruwe pori wameingia kwenye mihogo. Mjomba, mwenye bunduki na kibali chake, yuko kwenye dungu. Mpwa wake ameshika tochi, amesogea mbele kidogo ili amulike vizuri. Kishindo hutokea mdomoni mwa mtutu, na nguvu yake nyingi huelekea mbele na kando. Mpwa amesimama humo humo. Mjomba, akipigia bega la kulia, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mtutu. La kulia limekingwa na kichwa. Kwa hiyo mwenye tochi na akae nyuma ya mpigaji, naye azibe masikio.

Je, wajua kwamba pamba si kinga?
Pamba hupunguza desibeli chache tu. Kizibo cha sponji kikivaliwa vizuri hupunguza 25 hivi, na ukiongeza kifuniko cha masikio juu yake hupati jumla ya vyote viwili, bali kama 5 zaidi. Hata hizo 5 zafaa kwa bunduki kubwa. Kukivaa: kiviringe kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie nusu dakika kivimbe. Sema neno: sauti yako ikivuma kama uko ndani ya mtungi, kimekaa. Ukisikia kama kawaida, kitoe uanze upya.

Je, wajua kwamba kengele ya masikioni ikinyamaza si lazima sikio liwe limepona?
Baada ya mlio wa bunduki, masikio huziba na kulia nzii, kisha kesho yake yakatulia. Majaribio ya panya yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba hata uwezo wa kusikia ukirudi, viungio vingi kati ya seli na mshipa wa fahamu huwa vimekufa. Mlio wa masikioni ukiendelea zaidi ya siku moja, au ukiona damu au kizunguzungu, nenda hospitali usingoje wiki: dawa, kama ipo ya kufaa, husaidia zaidi siku za mwanzo. Usitie mafuta wala maji. Huenda kiwambo cha sikio kimepasuka.

Je, wajua kwamba kwanza hupotea herufi, si sauti?
Seli zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, ambamo mna *s*, *t*, *f* na *sh*. Irabu ni nzito, hubaki. Mtu husikia "i-a" asijue kama ameambiwa *fika*, *pika* au *shika*, naye hulalamika: "Nawasikia, ila mnatafuna maneno." Sasa mpeleke mnada wa korosho, bei itajwe: elfu mbili mia… *sita* au *tisa*? Irabu ni zile zile, konsonanti ni zile zile, zimebadilishana nafasi tu. Tofauti ni shilingi 300 kwa kila kilo, na yote iko kwenye herufi mbili ambazo bunduki ilizichukua usiku ule kwenye dungu.