Tofali elfu moja, saruji mifuko mingapi?

Kisangani tofali la kuchoma hutoka kwenye tanuru za hapo hapo jirani. Saruji ni habari nyingine: huja kwa majahazi ya Mto Kongo kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700, au kwa malori kutoka mashariki. Kwa hiyo anayejenga hapo akitaka kubana matumizi, aanze kuangalia mota, na ndani ya mota aangalie unene wa kiungo.

Tuchukue tofali la sentimita 22 kwa 11 kwa 6.5, ukuta wa tofali moja moja (unene wa sentimita 11), na kiungo cha sentimita 1.5. Kila tofali linakula mota kama nusu lita, yaani nusu mita ya ujazo kwa tofali 1,000. Ongeza asilimia 15 ya inayodondoka na kubaki kwenye karai, upate 0.57. Vitu vikavu hupungua ujazo vikikorogwa, kwa hiyo vipimwe kama 0.74. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano, hiyo ni kilo 178 za saruji, mifuko mitatu na nusu na kidogo, pamoja na mchanga ndoo 31 za lita 20.

Sasa acha kiungo kifike sentimita 2.5, jambo la kawaida pale tofali zilipopinda tanuruni na fundi akazisawazisha kwa mota. Tofali zile zile 1,000 zitakula mifuko sita na mchanga ndoo 53. Ni kweli ukuta utakuwa mkubwa zaidi, mita za mraba 22 badala ya 18.8. Lakini hesabu ukuta ule ule wa 18.8: unaokoa tofali zipatazo 150, unalipa mfuko mmoja na nusu na kidogo wa ziada. Linganisha bei hizo mbili sokoni kwako kabla ya kukubali tofali zilizopinda kwa sababu ni rahisi.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanga wake ni ndoo tisa kasoro robo. Mchanga wenye unyevu huvimba, ndoo ikaonekana imejaa kumbe mchanga halisi ni mchache; hapo saruji inaisha upesi bila fundi kuiba hata kijiko. Tofali nazo zilowekwe kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya mota na kiungo kitabaki unga unaokwanguka kwa msumari.

Kukagua si kazi. Pima urefu wa kozi kumi ukutani kwa futi kamba: zikiwa sentimita 80, kiungo ni 1.5, zikifika 90, ni 2.5. Pima siku ya kwanza, kabla ukuta haujapita kiunoni, ukiwa na fundi wako pembeni.