Swali linalojibiwa na asiyejua

Wanafunzi wa uuguzi wanaojiandaa kwa mtihani hutungiana maswali ya kuchagua jibu. Kabla kikundi hakijaanza kuyajibu, kila swali likaguliwe, hasa vipotoshi vyake, yaani yale majibu yasiyo sahihi. Tuchukue hili:

"Kabla ya kumpa mama mwenye kifafa cha mimba dozi inayofuata ya magnesiamu salfeti, muuguzi ahakikishe nini? (A) Mama amekula. (B) Anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, mguu unaruka goti likigongwa, na mkojo ni mililita 30 au zaidi kwa saa. (C) Presha imeshuka. (D) Yote hayo."

Funika swali, usome majibu peke yake. B ni refu kuliko mengine yote na limejaa vipimo; mtu ambaye hajawahi kuisikia dawa hii atalichagua. A halimdanganyi yeyote, na likishaondolewa, D linaanguka nalo. Kipotoshi cha kweli ni C tu, kwa sababu kinamnasa anayedhani dawa hii ni ya kushusha presha, ilhali hutolewa kuzuia degedege.

Swali hilo linaweza kutungwa upya hivi: "Mama anapewa magnesiamu salfeti. Ipi ni sababu ya kusitisha dozi inayofuata? (A) Anapumua mara 18 kwa dakika. (B) Ametoa mkojo mililita 200 kwa saa 4. (C) Presha ni 150/100. (D) Mguu hauruki goti likigongwa." Jibu ni D: dawa imeanza kuzidi mwilini. Sasa kila kipotoshi kina kosa lake. A humnasa asiyekumbuka kiwango cha kupumua. B humnasa asiyegawanya 200 kwa 4 aone kwamba ni mililita 50 kwa saa, kiasi kinachotosha. Anayechagua C bado hajaelewa kazi ya dawa.

Hapo mtunzi anaweza kujaribiwa kuliongezea swali ugumu kwa kuandika kwenye A "mara 14". Asifanye hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka pumzi zisipungue 16, lakini vipo vitabu vinavyoweka mpaka kwenye 12. Kwa anayefuata mwongozo huo, A nalo lingekuwa sahihi, na swali lingekuwa na majibu mawili. Ubovu wa namna hii ni mbaya kuliko kipotoshi dhaifu, maana unamwadhibu aliyesoma.

Mkishajibu, hesabuni kila jibu limechaguliwa na wangapi. Kipotoshi kisichochaguliwa na mtu kinatiliwa shaka, ingawa watu wanane ni wachache mno kukihukumu. Kikikosa mbadala, kifuteni. Majibu matatu yenye nguvu yanatosha. Lakini mkiona wanaofanya vizuri kwenye maswali mengine wamekichagua kipotoshi kilekile, msiwasahihishe kwanza. Fungueni mwongozo, mhakikishe jibu la mtunzi.