Kivuli Chini ya Kengele: Namna ya Kusoma Alama ya z

Mchoro wa mgawanyo wa kawaida una umbo la kengele: kilele kiko katikati, penye wastani, na pande zote mbili zinateremka sawasawa. Jicho huvutwa na mstari wenyewe, lakini habari iko katika eneo lililo chini yake. Eneo lote ni asilimia 100. Sehemu ikitiwa kivuli, ukubwa wake ndio asilimia ya wanaoangukia humo. Umbali kutoka katikati hupimwa kwa mkengeuko sanifu, na idadi ya mikengeuko hiyo ndiyo alama ya z.

Kliniki za watoto hutumia alama hii kila siku. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto waliolelewa vizuri huko Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Kwa viwango hivyo, mvulana wa miaka mitatu ana urefu wa wastani wa sentimita 96.1, na mkengeuko sanifu ni karibu sentimita 3.7. Tuseme mmoja amepimwa na kukutwa na sentimita 90. Amepungukiwa sentimita 6.1, zikigawanywa kwa 3.7, z yake ni −1.65.

Majedwali mengi huonyesha eneo lote la kushoto mwa z chanya. Kwenye mstari wa 1.6, safu ya 0.05, mna 0.9505. Hapo ndipo wengi huteleza, wakasema mtoto amewapita asilimia 95 ya wenzake. Kwa kuwa kengele inalingana pande zote, mkia wa chini ya −1.65 ni 1 kutoa 0.9505, yaani karibu asilimia 5. Mchoro wa haraka wenye kivuli kwenye mkia mdogo ungeonyesha kosa hilo papo hapo.

Mpaka wa udumavu ni −2. Hata kati ya watoto wenye afya, asilimia 2.3 huwa chini yake, kwa hiyo alama moja haitoshi kumtangaza mtoto kuwa mgonjwa. Kwa jamii nzima hesabu ni nyingine. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ikiwa upana wa kengele haujabadilika, kivuli cha asilimia 30 huishia mikengeuko 0.52 chini ya kilele. Kilele basi kimehamia karibu −1.5. Maana yake ni kwamba hata wengi wasiohesabiwa kuwa wamedumaa ni wafupi kuliko walivyopaswa kuwa.

Vipimo vibovu navyo hunenepesha mikia. Ubao ukiinama au umri ukikisiwa, kengele hutanuka na kivuli hukua bila mtoto yeyote kupungua urefu. Ndiyo maana wachambuzi hukagua kwanza mkengeuko sanifu wa alama zenyewe: ukizidi 1 kwa mbali, huanza kuutilia shaka upimaji.