Kishikwambi cha zamani kigeuke kioo cha vikao

Kabla hujanunua stendi, washa kile kishikwambi kilicholala kabatini, fungua Play Store na utafute Zoom au Google Meet. Ukiambiwa programu haikubali kifaa hicho, basi Android yake imeshapitwa na wakati, na stendi haitakusaidia. Ikikubali, futa kila kitu kwa Factory reset, kisha ingia kwa akaunti mpya ya Google isiyo na mambo yako binafsi. Siku kamati ya harusi imekusanyika sebuleni kuongea na ndugu walioko Maskati, hakuna haja ya wote kusoma meseji ya anayekudai ikishuka juu ya kioo.

Ukikilaza kwa upana, angalia kamera iko wapi. Vishikwambi vingi vya zamani vina kamera kwenye ubavu mfupi, kwa hiyo kikilala inabaki pembeni, nawe unaonekana kama unayemtazama mtu mwingine. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja ni afadhali kukisimamisha wima, kamera ikiwa usawa wa macho, hata kama stendi itabidi ikae juu ya vitabu.

Kinachoviua vifaa hivi ni chaja isiyochomolewa. Betri ya lithiamu inayokaa asilimia 100 mchana na usiku, tena kwenye joto, huchakaa haraka, na ikizidi hutoa gesi ndani na kuvimba. Kilaze kifaa mezani: kama mgongo ulionyooka sasa unayumba, au kioo kimeanza kuachana na fremu pembeni, kizime, usikichaji tena wala usikibonyeze, na umpelekee fundi. Baadhi ya vifaa vina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85, uwashe. Kama chako hakina, chomeka kikao kinapoanza na uchomoe kinapoisha. Ni usumbufu, lakini mimi sioni njia rahisi zaidi.

Watoto nao huja kubofyabofya. Kwenye mipangilio ya usalama ya Android kuna App pinning: ukiifungia Zoom humo, na ukachagua kuomba namba ya siri wakati wa kutoka, hawahamii YouTube. Kwenye iPad kazi hiyo hufanywa na Guided Access.

Limebaki suala la mwangwi. Ukiwa na kompyuta kwenye kikao hichohicho ili usome bajeti ya harusi, maikrofoni ya kifaa kimoja hunasa spika ya kingine, na mlio mkali unawatoa watu masikioni. Kuzima maikrofoni moja hakutoshi, kwa sababu spika ya pili bado inasikika kwenye ile iliyo wazi. Acha sauti kwenye kishikwambi tu; kwenye kompyuta, unapojiunga, kataa kuunganisha sauti kabisa.