Mtu Mkimya wa Kibanda cha Chai na Siri ya Kusikiliza

Kukaa kimya na kusikiliza si jambo moja. Watu wawili wanaweza kukaa benchi moja la kibanda cha chai, wote wakamaliza kikombe bila kusema zaidi ya salamu, lakini mmoja akaonekana ana maringo na mwingine akatafutwa kila asubuhi. Kinachowatenganisha ni kile ambacho msemaji anakiona kwa yule asiyesema: macho, uso, miguno midogo, na swali moja linaloonyesha kwamba maneno yamefika.

Mfano ufuatao ni wa kutungwa, ila watu wa aina hii hawakosekani mtaani. Ni fundi cherehani anayekunywa chai kila asubuhi kwenye kibanda kilicho karibu na kituo cha daladala jijini Dar es Salaam. Kibanda kina mabenchi mawili, meza, birika la chai ya rangi, na ndoo ya chapati na maandazi. Wateja wake ni madereva wa bodaboda, wapiga debe na wauza mitumba, na mazungumzo yao ni Simba na Yanga, bei ya petroli, na vituko vya abiria. Fundi huyu kwa miezi mingi alikuwa akinywa chai, akilipa na kuondoka. Hakuna aliyemchukia, lakini hakuna pia aliyegundua siku asipokuja.

Kwa nini mtu mkimya hushindwa kuingia

Fundi mwenyewe alidhani tatizo lake ni kukosa la kusema. Kila alipopata neno, mada ilikuwa imekwisha kuhama. Hali hiyo ina sababu inayojulikana. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mazungumzo katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia. Waligundua kwamba mtu mmoja akimaliza kuuliza swali, mwingine huanza kujibu kwa wastani wa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kuandaa hata neno moja kichwani huchukua muda mrefu kuliko huo. Maana yake ni kwamba watu wengi huanza kupanga jibu wakati mwenzao bado anaongea.

Kwenye benchi lenye watu sita wanaojuana, mashindano hayo huwa makali. Mwenye ulimi mwepesi hupata zamu, na anayepima maneno yake hubaki nyuma. Tena, anayeshughulika kupanga atakachosema hana nafasi ya kusikia vizuri kinachosemwa. Kwa hiyo kibanda chenye wasemaji wengi huwa na wasikilizaji wachache sana, na hapo ndipo mtu mkimya anapokuwa na kitu ambacho wengine hawana. Msikilizaji hahitaji kupokonya zamu. Anaposema “ehe”, “mh!” au “aisee”, msemaji huendelea bila kukatizwa, na mguno huo huwa umemsukuma mbele.

Bahasha ya eksirei

Asubuhi moja dereva kijana wa bodaboda alifika akiwa na habari. Usiku uliotangulia alimpeleka abiria Mbezi, na alipokuwa njiani kurudi akaona bahasha ya picha za eksirei imebanwa kwenye keria. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, na hakuwa na namba ya simu ya abiria yule.

Mwenzake mmoja alidakia papo hapo: “Mimi mwaka jana alinisahaulia mtu simu, tena mpya.” Habari ikageuka kuwa ya simu. Kijana alipojaribu kuirudisha, mwingine akamwambia, “Ungeipeleka polisi tu, mambo yakaisha.” Kijana akanyamaza, akachukua andazi. Fundi, aliyekuwa amemtazama tangu mwanzo, akauliza kwa sauti ya chini, “Sasa ukageuza, dogo, na mafuta yale yale?”

Kijana akamgeukia mwili mzima. “Hapo ndipo penyewe, fundi!” Akasimulia alivyozima injini kwenye miteremko ili aokoe mafuta, alivyogonga nyumba isiyo yenyewe, na jinsi abiria alivyotoka akiwa amekwisha kukata tamaa, kwa sababu picha zile zilikuwa za mama yake, aliyetakiwa kwa daktari asubuhi ile. Watu wa benchi wote wakanyamaza. Habari iliyokuwa imekufa mara mbili ilifufuliwa na swali moja.

Majibu matatu, athari tatu

Jibu la kwanza, lile la simu, ni la kawaida sana. Mwanasosholojia wa Marekani Charles Derber alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu namna watu wanavyogombania kusikilizwa. Alitenganisha jibu linalovuta mazungumzo kuelekea kwa msikilizaji na jibu linaloyaacha kwa msemaji. Yule wa simu hakuwa na nia mbaya, na pengine alitaka kuonyesha kwamba naye yamemkuta. Lakini msemaji alichokipata ni kunyang’anywa.

Jibu la pili lilikuwa ushauri. Ushauri una faida yake, lakini hapa ulikuja kabla habari haijafika mwisho, tena ulihusu jambo lililokwisha kutendeka. Ulimwambia kijana kwamba habari yake ni kosa la kusahihishwa, ilhali yeye alikuwa anasimulia safari.

Jibu la tatu lilitokana na maneno ya msemaji mwenyewe. Fundi alichukua kitu kilichotajwa, yaani mafuta, akakiuliza. Swali la namna hiyo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hakusikia, ndiyo maana lina uzito. Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu watu wasiofahamiana waliowekwa kuzungumza wawili wawili. Walioelekezwa kuuliza maswali mengi walipendwa zaidi na wenzao kuliko walioelekezwa kuuliza machache. Walipochambua aina za maswali, waliona kwamba yaliyofanya kazi zaidi ni yale yanayofuata jibu ambalo mwenzako amekwisha kulitoa. Mtu anayeuliza “Unakaa wapi?”, kisha “Una watoto wangapi?”, kisha “Unafanya kazi gani?” ameuliza mengi, lakini hakusikiliza hata jibu moja.

Msikilizaji huifanya habari iwe nzuri

Kuna jambo jingine ambalo kijana yule hakuliona: alisimulia vizuri zaidi kwa sababu alikuwa na wa kumsimulia. Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walilionyesha jambo hilo katika utafiti wa mwaka 2000. Waliwaomba watu wasimulie jinsi walivyoponea chupuchupu katika hatari. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya siri ya kuhesabu maneno ya msimulizi yanayoanza na herufi fulani. Wasikilizaji hao walikuwa wanasikia kila neno, lakini akili yao haikuwa kwenye kisa. Wasimulizi waliokutana nao walisimulia vibaya, hasa mwishoni, pale ambapo kisa kingepaswa kufika kileleni.

Watafiti hao walitofautisha miitikio ya aina mbili. Kuna ile inayofaa popote, kama kutikisa kichwa au kusema “ehe”. Na kuna inayofaa mahali pamoja tu: kukunja uso palipo na maumivu, kushusha pumzi palipo na nafuu, kusema “Mungu wangu!” mlango usiokuwa wenyewe unapofunguliwa. Ya pili ndiyo iliyopungua zaidi kwa wale waliokuwa wakihesabu, na haiwezi kutolewa kwa wakati wake na mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Wasimulizi wa ngano za Kiswahili wanaijua kazi ya mwitikio. Mwenye ngano husema “Paukwa”, na haendelei mpaka ajibiwe “Pakawa”.

Mtu aliyesimulia vizuri huondoka akijiona ana maneno, na humpenda aliyekuwa naye wakati huo, hata asipojua sababu.

Upendo unaokuja mmoja mmoja

Siku ya pili kijana alipofika, fundi aliuliza, “Yule mama picha zake zilimfikia daktari?” Swali la siku ya pili lina nguvu kuliko la siku ya kwanza, kwani linaonyesha kwamba habari ilikumbukwa hata baada ya benchi kuachwa. Kijana akasogea, akampa nafasi kando yake.

Wengine hawakubadilika siku ile, na hilo nalo lina maelezo. Utafiti wa Harvard ulionyesha kwamba mtu anayeshiriki mazungumzo humpenda anayemuuliza, lakini mtu anayetazama mazungumzo ya wengine humpenda zaidi anayejibu. Kwa watazamaji wa kibandani, nyota wa asubuhi ile alikuwa dereva. Msikilizaji hapendwi na kundi kwa mara moja. Hupendwa na mtu mmoja leo, mwingine wiki ijayo, kila mmoja kwa habari yake. Fundi alianza kulitambua jambo hilo baada ya wiki kadhaa, pale mwenye kibanda, akimmiminia chai, alipomwambia, “Jana hukuja, fundi, watu walikuulizia.”

Mahali kusikiliza kunapoharibika

Kosa la kwanza ni kuuliza kama askari. Maswali matatu mfululizo bila msikilizaji kutoa chochote chake humfanya msemaji ajihami. Dalili yake ni majibu kuwa mafupi na msemaji kuanza kuuliza, “Kwani vipi?” Dawa ni kueleza jambo dogo la upande wako pale unapoulizwa, kisha kumrudishia mwenzako zamu.

Kosa la pili ni kurudia maneno ya mwenzako kama kasuku, kwa kudhani huko ndiko kusikiliza. Katika utafiti wa Harry Weger na wenzake wa mwaka 2014, watu waliosikilizwa kwa makini, kwa kurudiwa kiini cha maneno yao na kuulizwa maswali, walijiona wameeleweka kuliko waliopewa ushauri au miguno mitupu. Lakini kwa kuridhika na mazungumzo, waliopewa ushauri hawakuachwa nyuma. Mtu anayeuliza waziwazi, “Sasa nifanyeje?” anataka jibu, na kumrudishia swali lake ni kumkwepa.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote: kubeba habari ya mtu na kuimwaga benchi la pili. Anayesikiliza vizuri husikia mengi, yakiwamo madeni, magonjwa na ugomvi wa nyumbani. Habari ya bahasha ilisemwa mbele ya watu, hivyo kuiulizia hadharani hakukuwa na ubaya. Habari iliyonong’onwa huulizwa kwa kunong’ona, au haiulizwi mpaka mwenyewe airudie. Ikivuja mara moja, watu huendelea kumsalimu msikilizaji na kunywa naye chai, lakini habari zenyewe hazimfikii tena.