Seva Mpya Ikija, Data Ipi Ihame?

Duka la mtandaoni la Amazon lina wateja wengi mno, na vikapu vyao vya manunuzi haviwezi kukaa ndani ya kompyuta moja. Kompyuta, hata iwe kubwa namna gani, hufika mahali diski ikajaa au maombi yakaizidi nguvu. Ndipo data inapogawanywa vipande, kila kipande kikakabidhiwa seva yake. Vipande hivyo wahandisi huviita shadi. Kikapu cha mteja huyu kiko seva hii, cha yule kiko seva ile, na programu lazima ijue kila mara iende kutafuta wapi.

Ingewezekana kuweka orodha kuu inayoonyesha kila mteja yuko seva gani. Lakini basi kila ombi lingelazimika kupitia kwenye orodha hiyo, na siku orodha ikizimika, duka zima limefungwa. Kwa hiyo mifumo mingi hutumia hesabu. Namba ya mteja hupitishwa kwenye kanuni iitwayo heshi, nayo hutoa namba nyingine inayoonekana kama ya kubahatisha. Uzuri wake ni kwamba ukiingiza kitu kilekile, unapata namba ileile, leo na mwakani, kwenye kompyuta yoyote. Kila programu inajipatia jibu yenyewe.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuigawa namba hiyo kwa idadi ya seva na kutazama baki. Tuseme seva ni nne, zimepewa namba 0 hadi 3, na heshi ya mteja wetu ni 27. Ukigawa 27 kwa 4, baki ni 3, basi kikapu chake kiko seva namba 3. Njia hii hugawa mzigo vizuri sana, mpaka siku idadi ya seva inapobadilika.

Ongeza seva ya tano. Sasa 27 tunaigawa kwa 5, na baki ni 2. Kikapu kile kinatafutwa mahali ambapo hakipo. Wala si hicho tu: katika kila namba 20 zinazofuatana, ni 4 pekee zenye baki ileile kwa 4 na kwa 5. Maana yake, asilimia 80 ya data yote lazima ihame, ingawa tumeongeza seva moja tu. Kama seva hizo zilikuwa za kache, yaani zinashika nakala za muda ili kuipunguzia kazi hifadhidata kuu, ghafla maombi mengi hayakuti kitu kwenye kache na yote yanaikimbilia hifadhidata kwa pamoja. Mfumo uliopanuliwa ili upumue unaanguka kwa sababu ya kupanuliwa.

Mwaka 1997 David Karger, Tom Leighton, Daniel Lewin na wenzao wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha suluhisho linaloitwa heshi thabiti. Walikuwa wakishughulikia kurasa za intaneti zinazofurikiwa na wasomaji, na mwaka uliofuata Leighton na Lewin walishiriki kuanzisha kampuni ya Akamai, inayosambaza maudhui ya tovuti duniani kote. Wazo lao ni jepesi kiasi cha kuchorwa kwenye karatasi.

Chora duara kama uso wa saa, ila badala ya saa 12 liwe na nafasi 100, kuanzia 0 hadi 99. Baada ya 99 unarudi 0. Duara halisi lina nafasi nyingi kupita kiasi, lakini 100 zinatutosha. Seva nazo zipitishe kwenye heshi, kila moja ipate nafasi yake: A iangukie 12, B iangukie 40, C 63 na D 90. Kanuni ni moja tu: simama kwenye namba ya mteja, tembea kuelekea mishale ya saa inakokwenda, na seva ya kwanza utakayoikuta ndiyo yenye kikapu. Mteja wa 27 anakuta B. Mteja wa 95 anapita 99, anavuka 0, anafika kwa A.

Sasa tulete seva E, nayo iangukie 30. Namba 13 hadi 30, zilizokuwa zikienda kwa B, sasa zinakutana na E kwanza. Hizo ni nafasi 18 kati ya 100, na data yake inanakiliwa kutoka B pekee. Mteja wa 27 amehama, wa 95 hajaguswa, na seva A, C na D hazina habari kwamba kuna mgeni. Kunakili huko huchukua muda na hula mtandao, kwa hiyo mfumo makini humwacha B aendelee kujibu mpaka E awe amepokea kila kitu.

Kufa kwa seva ndiko kunakofichua udhaifu. C ikizimika, nafasi zake 41 hadi 63 zote zinamwangukia D, aliyekuwa na 64 hadi 90. D aliyebeba nafasi 27 sasa anabeba 50, nusu ya duara. Akizidiwa naye akaanguka, mzigo wote huo unamwendea A, na seva zinaweza kufuatana moja baada ya nyingine. Tena hata kabla ya ajali mgawanyo haukuwa wa haki: B alibakiwa na nafasi 10 huku D akiwa na 27.

Dawa yake ni kuipa kila seva nafasi nyingi ndogo zilizotawanyika duarani, badala ya moja. Huitwa nodi pepe. Seva ikizimika, kila kipande chake kidogo kinaangukia jirani tofauti, na mzigo unagawanyika kwa wote waliobaki. Mgeni naye huchukua kidogo kutoka kwa kila mwenyeji. Seva yenye nguvu mara mbili unaipa nafasi mara mbili.

Hata hivyo, kujua nani arithi nafasi hakurudishi data iliyokuwa kwenye diski ya C. Kwenye kache hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa nakala inachukuliwa upya kwenye chanzo. Kwenye hifadhidata ni msiba. Ndiyo maana Dynamo, mfumo ambao Amazon waliueleza hadharani mwaka 2007 na uliokuwa ukihifadhi vikapu hivyo, kwa kawaida uliweka kila kitu kwenye seva tatu tofauti zinazofuatana duarani. Moja ikizimika kwa muda, seva nyingine ilipokea maandishi yake pamoja na alama ya mwenyewe halisi, kisha ikamrudishia alipoamka. Mteja aliendelea kuongeza bidhaa bila kujua lolote.

Kuna jambo ambalo duara haliliwezi. Kitu kimoja kikitakwa na watu wote kwa wakati mmoja, heshi yake ni moja, na seva zinazokishika ni zilezile. Utaligundua hili pale seva moja inapochemka huku nyingine zimetulia. Ukiongeza seva hali haibadiliki. Hapo inabidi nakala za kitu hicho ziongezwe, au kipewe kache yake mbele.

Kwa maoni yangu, biashara ambayo data yake bado inaenea kwenye seva moja haihitaji shadi. Iweke hifadhidata moja na nakala yake kwenye mashine ya pili, na mara kwa mara ijaribu kuiwasha nakala hiyo ili kuhakikisha inafanya kazi.