Glita imefunika uso kwenye picha? Hivi ndivyo ngozi inavyorudishwa

Familia imepata msiba na inatafuta picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza. Picha pekee iliyo safi ni ya usiku wa send-off ya binti yake: glita kwenye kope na mashavu, fundesheni nyeupe kuliko shingo, na flashi imepiga usoni. Mtoto wa mwisho anaiangalia na kusema, "Huyu si mama."

Kazi kama hii huishia kwa fundi picha, na wengi huiharibu kwa kulainisha uso mzima. Glita inaondoka kweli, lakini anabaki sanamu wa plastiki. Njia iliyo salama zaidi kwenye Photoshop ni kutenganisha kazi tatu: glita, rangi, kisha ngozi yenyewe.

Kabla ya yote, iombe picha halisi kutoka kwa mpigapicha. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, na vitundu vidogo vya ngozi vimepotea. Mwambie aitume kama dokumenti.

Kwanza, glita

Chembe ya glita ni nukta ndogo inayong'aa kuliko ngozi iliyo pembeni yake. Hapo ndipo pa kuikamatia. Nakili tabaka la picha kwa Ctrl+J, kisha fungua Filter > Noise > Dust & Scratches. Pandisha Radius mpaka chembe zipotee. Kwa chembe ndogo anza na 4. Halafu pandisha Threshold taratibu mpaka ngozi ianze kuonekana tena, ila simama kabla glita haijarudi.

Sasa badilisha tabaka hilo kutoka Normal kwenda Darken. Hapo programu inagusa sehemu zilizokuwa na mwanga kuliko matokeo mapya tu, nyingine zinabaki zilivyo. Shikilia Alt ukibonyeza alama ya mask, kila kitu kifichwe, kisha paka brashi nyeupe kwenye mashavu na kope tu. Usiguse mng'ao wa ndani ya jicho, meno wala hereni. Jicho likikosa ile nukta ya mwanga, uso unakufa.

Pili, rangi

Rangi ya kweli ya mama haipo usoni, ipo sehemu ambazo fundesheni haikufika: sikio, kifua, au upande wa shingo wenye mwanga. Usichukue chini ya kidevu, pale ni kivuli. Punguza kwanza weupe wa uso kwa Curves mpaka ulingane na shingo, kisha weka tabaka tupu la Color na upake rangi uliyochukua kwa brashi laini, Flow ikiwa 5% hadi 10%.

Usipake rangi moja uso mzima. Watu wengi wana weusi kidogo kuzunguka mdomo na chini ya macho. Ukiufuta huo, umempaka mekapu nyingine.

Tatu, ngozi

Palipokuwa na glita sasa pamekuwa laini mno. Fungua tabaka jipya, chukua Healing Brush, na kwenye Sample chagua Current & Below. Brashi hii inahamisha michirizi na vitundu vya ngozi, huku ikifuata rangi ya pale unapopaka.

Shavu lijazwe kwa ngozi ya shavu, karibu na sikio ambako poda ni nyepesi, na upande uleule wa mwanga. Kope haina vitundu kama shavu, ina mikunjo myembamba ya kulala, hivyo itafutie ngozi yake. Badilisha pa kuchukulia kila baada ya mipako michache, la sivyo alama ileile itajirudia kama kitenge.

Utajuaje umefanikiwa?

Itazame kwa 100%, kisha ipunguze iwe kama inavyoonekana kwenye simu. Halafu igeuze kwa Flip Canvas Horizontal, kwa sababu jicho limeshazoea makosa yako. Panapong'aa kama nta bado hapana ngozi. Panapoonekana baka la kijivu, rangi bado haijakaa sawa.

Lakini kuna mpaka. Pale flashi ilipochoma picha ikawa nyeupe tupu, chini yake hakuna kitu cha kufufua. Unachojaza ni makisio. Vivyo hivyo kovu au alama iliyofunikwa na fundesheni. Omba picha nyingine za kawaida, hata zisizo kali, uone alama ilipo. Kama mama alikuwa na kidoto juu ya mdomo, kirudishe. Na kabla ya kuchapisha, mwonyeshe mtu aliyekaa naye kila siku. Kwa familia hii, ni yule mtoto wa mwisho.